Nilimfukuza kijana wa jikoni, mchele ukaendelea kupotea

Kuna posti imezunguka sana kwenye magrupu ya wauza chakula wiki hii, inasema ukiona mtaji wa jiko unakatika, funga kamera, wafanyakazi wanakuibia. Chini yake watu wamejaa "kweli kabisa", "hawa watu hawana shukrani", na kadhalika. Mimi nataka kupinga, na napinga kwa sababu nilishaamini hivyo hivyo na nikamwonea mtu.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nina jiko dogo hapa Tabata. Natuma menyu asubuhi WhatsApp, watu wa maduka na maofisini wanaweka oda, saa sita bodaboda wanaanza kutoka. Mauzo yangu makubwa ni wali kuku: wali, maharage, mboga ya majani na robo kuku. Tuko watatu, mimi, dada anayepika na kupakua, na msaidizi.

Kabla ya huyu dada alikuwepo kijana. Kipindi fulani nikaanza kuona gunia la mchele la kilo 25, ambalo nilizoea lifike siku tatu, linaishia siku mbili na kitu. Oda ni zile zile. Sikupima chochote, sikuandika chochote, nilitazama gunia tu na nikaitazama sura yake. Mwisho wa wiki nikampa hela yake nusu nikamwambia asirudi. Akaniuliza, "Bosi, umeniona na nini?" Sikuwa na jibu, nikamwambia mchele haupotei wenyewe.

Akaja dada. Mwezi wa kwanza wake, gunia likaendelea kuisha siku mbili na kitu vile vile.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba tatizo halikuwa kijana. Na bado, nisiwadanganye, wazo langu la kwanza lilikuwa "na huyu naye". Nilimwita nikaanza kumzungusha kwa maswali. Yeye ni mtu mzima kuliko mimi, akaniambia taratibu, "Mwanangu, mimi mchele wako sijagusa. Lakini hebu niambie, wewe unataka kila boksi liwe na wali kiasi gani?" Nikamwambia, si unaona tu, ujae vizuri. Akasema, "Basi, mimi ndiyo najaza vizuri."

Jibu hilo ndilo lililonipeleka kutafuta mzani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jiko lolote lina namba mbili za kila kitu. Ya kwanza ni matumizi yanayotakiwa: kwa oda ulizouza, na kwa kipimo chako cha kila sahani, mchele ulipaswa kwenda kilo ngapi? Ya pili ni matumizi halisi: kilo ngapi zimetoka kweli stoo? Ukitoa ya kwanza kwenye ya pili unapata tofauti, na tofauti hiyo ndiyo ya kuifukuzia. Wengi wetu tunayo nusu ya namba ya pili tu, yaani tunajua tulinunua magunia mangapi. Kununua siyo kutumia. Unaweza kununua magunia mawili wiki hii na moja likabaki zima.

Matumizi halisi unayapata hivi: ulichokuwa nacho mwanzo wa wiki, jumlisha ulichonunua, toa kilichobaki mwisho wa wiki. Basi. Kazi ipo kwenye kuhesabu. Mimi nahesabu Jumapili usiku, jiko limefungwa, kabla sijaleta mzigo mpya wa Jumatatu. Ukihesabu wiki hii Jumapili usiku na wiki ijayo Jumatatu saa nne sufuria ikiwa jikoni, hesabu yako ni takataka. Na pima kwa kilo, usiandike "gunia nusu". Gunia nusu la kwangu na la kwako ni vitu viwili tofauti.

Matumizi yanayotakiwa yalinisumbua zaidi, kwa sababu yanahitaji uwe na kipimo, na mimi sikuwa nacho. Nilikaa chini nikakumbuka nilivyopiga bei ya sahani wakati naanza. Kilo moja ya mchele nilitaka itoe sahani sita na kitu, yaani gramu 150 za mchele mkavu kila sahani. Ndipo nikapika kilo moja kwenye sufuria ndogo, nikapima sufuria tupu kabla, nikapima tena na wali ndani. Ukatoka wali wa kilo mbili na nusu. Kwa hiyo gramu 150 za mchele mkavu ni gramu 375 za wali. Msichukue namba yangu hii mkaitumia kwenu. Inategemea mchele wenyewe, mpya au wa zamani, na maji unayoweka. Pika kilo yako upime, haizidi saa moja.

Mzani niliununua ule mdogo wa kidijitali wa jikoni, mwisho wake kilo tano, haukufika elfu ishirini. Magunia nikawa naenda kuyapima kwa jirani anayeuza nafaka.

Sasa wiki yenyewe. Hii ni wiki ya pili ya kupima, ile ya kwanza niliharibu hesabu kwa kusahau kuandika siku moja, ingawa nayo ilionyesha upungufu wa kilo tisa na ushee.

Mwanzo wa wiki nilikuwa na mchele kilo 22. Katikati nikanunua magunia mawili, kilo 50. Jumapili usiku zikabaki kilo 14.5. Ina maana zilitumika kilo 57.5.

Nikahesabu oda. Hapa niwape angalizo, hesabu oda kwenye ujumbe wa wateja, siyo kwenye hela iliyoingia. Hela inachanganyika na wanaolipa kesho, waliokopa, na ofa ya nunua tano upate punguzo. Oda za siku sita zilikuwa 312. Zidisha kwa gramu 150, unapata kilo 46.8.

Kwa hiyo kilo 10.7 hazina maelezo. Mchele nilikuwa nanunua 2,800 kwa kilo, ni kama elfu thelathini kwa wiki moja, kwenye mchele peke yake. Ukiniuliza siku ile ningekwambia nimeibiwa, na ningekuonyesha hesabu kabisa.

Ila namba haisemi nani. Inasema kiasi gani tu. Na kuna njia za kujua mchele umeondokea wapi kabla hujamgusa mtu, na ndizo nataka mzibebe leo.

Njia ya kwanza ni maboksi. Sisi wauzaji wa mtandaoni tuna bahati moja ambayo mama ntilie wa kukaa hana: kila sahani yetu inatoka kwenye boksi, na boksi linahesabika. Nilianza wiki na maboksi 400, nikabaki na 82. Yametoka 318. Oda zilikuwa 312, matatu tulirudia oda (moja lilimwagika kwenye pikipiki, mawili tulikosea), na matatu yalichanika. Jumla 318 kamili. Kama kuna mtu alikuwa anauza sahani pembeni, maboksi yangepungua kuliko oda, labda awe anakuja na maboksi yake kutoka nyumbani.

Njia ya pili ni kuku. Kuku ni wa kuhesabu, siyo wa kuchota. Wiki ile walichinjwa 79, kila mmoja vipande vinne, vipande 316. Vilivyotoka na oda pamoja na zile tulizorudia ni 315. Kimoja kilianguka chini nikiwa nimesimama pale pale. Sasa jiulize, mtu mwenye nia ya kuiba chakula kilichopikwa, anaacha kuku anabeba wali? Ukiona vitu vya kuhesabu vimekaa sawa, kuku, chapati, mayai, soda, halafu vitu vya kuchota vyote vimezidi, wali, maharage, mchuzi, basi tatizo liko kwenye mkono unaopakua. Ikiwa vyote vimepungua kwa pamoja, hapo sasa una haki ya kuuliza maswali mengine.

Lakini mchele mkavu nao unaweza kubebwa kwenye mfuko, usiku, kimya kimya. Kwa hiyo njia ya tatu ni kupima kinachoingia kwenye sufuria kila asubuhi. Nilimwomba dada aandike ukutani kwa chaki kilo alizoosha kila siku, nami napima naye. Siku sita zikatoa kilo 57. Stoo ilipungua kilo 57.5. Nusu kilo ile ni mawe, chenga tulizopepeta na kidogo kilichomwagika. Kwa maana hiyo mchele wote ulipikwa. Haukutoka nje ya mlango ukiwa mkavu. Ulipikwa, ukatoka kwa maboksi yanayojulikana, na kuku wake juu. Mwizi simwoni hapo.

Basi kilo kumi ziko wapi?

Cha kwanza kilinitia aibu. Tunakula. Watu watatu, siku sita, sahani kumi na nane, kilo 2.7. Sikuwahi kuziandika popote kwa sababu akilini mwangu chakula cha wafanyakazi ni "kidogo tu". Siyo wizi, siyo hasara, ni gharama, ila usipoiandika inajificha kwenye upungufu na inamchafua mtu.

Ukoko na wali unaobaki chini ya sufuria, nilikadiria kama gramu 200 za mchele mkavu kwa siku. Siku sita ni kilo 1.2. Huu hauishi, utapungua tu ukipunguza moto mapema. Oda tatu tulizorudia ni karibu nusu kilo.

Halafu nikapima maboksi. Nilifanya bila kumwambia dada ni lini, nikavuta maboksi ishirini kwenye mstari kabla ya kufungwa, mengine saa tano na nusu, mengine saa saba, nikapima sehemu ya wali peke yake. Hakuna hata moja lililokuwa na gramu 375. Dogo kabisa lilikuwa 385. Kubwa lilikuwa karibu 470. Wastani gramu 420.

Gramu 45 za wali zaidi kwenye kila boksi. Ukiziangalia ni kama vijiko vitatu, hakuna mteja aliyewahi kusema ahsante kwa sababu yake. Lakini gramu 45 za wali ni gramu 18 za mchele mkavu, na mara 312 ni kilo 5.6. Zaidi ya nusu ya upungufu wote ilikuwa hapo. Jumlisha vyote unakaribia kilo kumi, na ile nusu kilo ya mawe na chenga. Kilichobaki ni kama gramu mia mbili na hamsini, hiyo ni mzani na makosa yangu ya kusoma.

Hapa ningeweza kumlaumu dada kwamba mkono wake mzito. Ila nikajiuliza swali jingine: kwa nini gunia lilikuwa linafika siku tatu zamani na kijana akiwa yule yule? Nini kilibadilika?

Nikarudi kwenye picha zangu za stetasi za miezi iliyopita. Nikaona. Nilibadilisha maboksi.

Yale ya mwanzo yalikuwa madogo, ya chumba kimoja. Muuzaji wangu yakamwishia, nikachukua makubwa yenye vyumba vitatu, na kwa kweli niliyapenda kwa sababu picha ilipendeza zaidi. Chumba cha wali kwenye boksi jipya ni kipana. Ukiweka gramu 375 mle, unaonekana umeminywa, kona zinabaki wazi. Mtu yeyote anayepakua, awe kijana, dada au mimi mwenyewe, macho yake yanamwambia ongeza. Na mimi ndiye niliyesema ujae vizuri. Siku moja nilipakua mwenyewe maboksi kumi kisha nikayapima. Wastani wangu ulikuwa gramu 431. Nilimzidi dada!

Kwa hiyo mchele wangu ulianza "kupotea" wiki niliyonunua maboksi mapya, na nilimfukuza mtu kwa kosa la boksi.

Nilifanya nini? Kwanza kipimo. Upawa siyo kipimo, niamini. Upawa mmoja wa kujaa na mwingine wa kujaa vinatofautiana hata gramu 40, na mchana ukichoka vinatofautiana zaidi. Nilichukua bakuli la plastiki dogo, nikalijaza wali, nikasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, nikapima. Lilikuwa linachukua gramu 210. Nikalichonga pembeni kidogo kidogo kwa kisu cha moto hadi likakaa kwenye 187 au 188. Bakuli mbili za kusawazishwa, boksi moja. Ukiweza kupata kikombe kinachochukua kiasi chako bila kuchonga, ni bora zaidi, langu lina sura mbaya sana.

Kuna mtego kwenye bakuli nao. Linapima ujazo, siyo uzito. Wali wa juu ya sufuria umechambuka, ule wa chini umeshikana na una maji zaidi, kwa hiyo bakuli lile lile linabeba uzito tofauti saa tano na saa saba. Na mtu akikandamiza, gramu zinapanda bila bakuli kuonekana limezidi. Dawa yake ni kugeuza wali wote kwa mwiko kabla ya kuanza kupakua, kutokandamiza, na kupima boksi moja mwanzo, moja katikati, moja mwisho. Matatu kwa siku yanatosha. Usipime yote, utawachelewesha bodaboda na dada atakuchukia.

Pili nilirudi kwenye maboksi ya chumba kimoja. Hapa najua baadhi yenu mtasema si ungeacha tu wali uwe mwingi, wateja wapende. Inawezekana, na siyo wazo baya, ila basi upige bei kwa gramu 420, uamue wewe, siyo boksi likuamulie. Mimi niliangalia bei yangu nikaona haibebi. Wateja wawili waliuliza mbona kama wali umepungua. Nikaweka kwenye menyu "ongeza wali 500". Wanaoitaka wanaichukua, na hiyo inaandikwa kama oda, kwa hiyo inaingia kwenye matumizi yanayotakiwa. Awali dada alikuwa anawaongezea bure wateja wenye maneno matamu kwenye simu, na hilo nalo sikuwa nalijua.

Wiki iliyofuata oda zilikuwa 305. Mchele unaotakiwa kilo 45.75, na sasa naweka chakula chetu humo humo, kilo 2.7, inakuwa kama kilo 48 na nusu. Halisi ikatoka kilo 49.9. Tofauti kilo moja na nusu kasoro kidogo, nyingi yake ukoko. Hiyo ni kama asilimia tatu. Sitegemei ifike sifuri, na siku ikifika sifuri nitashtuka, maana yake kuna mtu anapakua pungufu kufidia, au mimi nimekosea kuhesabu. Ikivuka asilimia tano wiki mbili mfululizo, ndipo narudi kuvuta maboksi na kupima.

Sasa kabla hamjakimbilia mzani, kuna makosa mawili ambayo yatakuonyesha hasara ya uongo, na yanaumiza kwa sababu yanaonekana kama wizi kabisa.

La kwanza ni kuchanganya kibichi na kilichopikwa, au chenye maganda na kilichomenywa. Rafiki yangu anauza chips. Alipima gramu 300 za viazi vilivyomenywa kwa kila sahani, akazidisha kwa oda, akalinganisha na viazi alivyonunua, akaona karibu sehemu moja ya tano imepotea. Maganda! Viazi vikimenywa unapoteza hapo kirahisi, vikiwa vidogo au vina macho mengi unapoteza zaidi. Nyama nayo, kilo moja mbichi haitoki kilo moja jikoni, inanywea karibu robo. Amua utahesabu katika hali ipi, mimi nahesabu kila kitu kama ninavyokinunua, halafu kipimo cha sahani nakirudisha kwenye hali hiyo. Na wali uliobaki kwenye sufuria siku ya kuhesabu, ugawe kwa 2.5, au namba yako, uurudishe kuwa mchele.

La pili ni kuamini maandishi ya gunia. Baada ya haya yote nilianza kupima magunia yanapoingia. Moja lilikuwa kilo 24.6. Gramu mia nne siyo nyingi, ila ukinunua magunia mawili kwa wiki, hiyo ni kilo karibu moja ambayo stoo yako inadhani ilikuwepo na haikuwahi kuwepo. Nilimwonyesha muuzaji kwenye mzani, akanibadilishia bila ugomvi.

Msianze na vitu vyote. Anza na vitatu vinavyokula hela yako nyingi zaidi. Kwangu ni mchele, kuku na mafuta. Chumvi na pilipili waache. Mafuta nayo yana stori yake, kwa sababu yanaingia kwenye chakula na mengine unayamwaga yakishachoka, nitayaandikia siku yake.

Kuhusu kamera, mtu akitaka kufunga afunge. Ila kaa uitazame kamera yangu ya kufikirika ya kipindi kile. Ungeona nini? Kijana anapakua wali kwenye boksi hadi unajaa vizuri, kama alivyoambiwa. Kamera isingekuonyesha gramu 45.

Kijana nilimtafuta. Namba yake ilikuwa bado ipo, alikuwa ameshapata kazi kwenye jiko jingine. Nilimweleza kuhusu maboksi na mzani, nikamtumia nusu ya mshahara niliyokuwa nimemkata. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Bosi, mimi nilikwambia yale maboksi ni makubwa." Na kweli, alikuwa ameniambia. Siku yanaletwa, nikiwa napiga picha.